Mimi nilichukua milioni saba, kodi ikaja milioni nane: biashara ya dagaa na ndugu zangu

Naandika hii maana juzi kuna dada mmoja pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza, kaniuliza "nyie mnafanyaje, mko ndugu watatu na hamjagombana?" nikacheka peke yangu. Tumegombana bwana. Tumegombana mpaka mama akaitisha kikao na akakataa kutupikia. Kilichotugombanisha sio wizi wala wivu wa wake na waume kama watu wanavyodhani, ni kodi. Na kodi yenyewe ilikuwa halali kabisa, tatizo tulikuwa sisi.

Tupo hivi. Kaka yangu mkubwa anakaa kisiwa cha Ukara, yeye ndiye ananunua dagaa kwa wavuvi, anaanika kwenye chanja na anapakia. Mimi nipo Mwaloni, nauza, nina meza na stoo. Mdogo wetu wa kike anachambua, anapaki na kuhangaika na wateja wa mbali, wale wa Dar na Wakongo. Mtaji wa kwanza alitoa mama, milioni sita, hela ya shamba lake la Sengerema alilouza. Leseni ilikatwa kwa jina langu, TIN yangu, mashine ya risiti ya TIN yangu, kwa sababu moja tu, siku ile mimi ndiye nilikuwa mjini na kitambulisho cha NIDA nilikuwa nacho mkononi. Hatukuwaza zaidi ya hapo. Ni biashara ya familia, jina la nani linahusu nini?

Hela tulikuwa tunagawana hivi, kila giza likiisha (wasiojua, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka boti zinalala, kwa hiyo sisi mwezi wetu unahesabiwa kwa giza sio kwa kalenda) tunakaa, tunatoa hela ya kununulia mzigo unaofuata, iliyobaki kila mtu anasema shida yake. Kaka ana watoto wanne anachukua kikubwa. Mdogo wangu alikuwa anajenga. Mimi nachukua cha kula na ada. Tulikuwa tunaita hiyo "faida". Sasa hivi nikikumbuka naona aibu, maana ile haikuwa faida, ilikuwa hela tu tuliyochomoa, na faida yenyewe hatukuwa tumewahi kuipiga hata siku moja.

Mwaka 2022 mauzo yalishapita milioni 100 kitambo. Hapo kuna kitu wengi hawakijui. Ukiwa mfanyabiashara mmoja mmoja na mauzo yako kwa mwaka hayavuki milioni 100, kodi yako ya mapato inakadiriwa kwa mauzo, ni ndogo na rahisi, hata bila mhasibu unaweza. Ukivuka hapo unatakiwa upeleke hesabu kamili, na kodi inapigwa kwenye faida. Mimi Machi nilikadiria tu kichwani, nikawa nalipa laki sita kila awamu, awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, jumla milioni 2.4. Nikajiona raia mwema.

Mwaka uliofuata ndio nikampelekea mhasibu daftari, mama mmoja wa makamo ofisi yake ipo maeneo ya Makoroboi. Akakaa nalo wiki mbili, akaniita. Faida ya mwaka 2022 ni shilingi milioni 36. Nikamwambia mama hiyo haipo, mimi nimechukua milioni saba tu! Akasema haya, tuzitafute. Tukapitia kaunta buku na miamala ya simu ukurasa kwa ukurasa. Kaka alichukua milioni 11. Mdogo wangu 8. Mimi 7. Hiyo ni 26. Kumi zilizobaki zilikuwa magunia 40 yaliyolala stoo tarehe 31 Desemba, tuliyoyapata kwa gharama ya 150,000 kila moja, hapo ni milioni 6, na milioni 4 zilikuwa mikononi mwa wavuvi, zile tunazowakopesha nyavu na mafuta ya injini ili dagaa wao watuletee sisi.

Hapo ndio nikaelewa kitu cha kwanza. Hela uliyonunulia mzigo ambao haujauzwa bado ni mali yako, haijawa gharama. Gunia likiwa stoo mwisho wa mwaka halihesabiwi kama limetumika. Kwa hiyo faida inaweza kuwa kubwa na mfuko ukawa mtupu, na hakuna aliyekuibia.

Nikamuuliza, je hizi milioni 19 walizochukua ndugu zangu si ni mshahara wao, tuzitoe kama gharama? Akaniangalia. Akaniuliza mkataba wa ajira uko wapi, umewakata kodi ya mshahara ukaipeleka kila mwezi, NSSF umepeleka? Hamna. Na kaka yako mwenyewe anajiita bosi huko Ukara, mfanyakazi gani anajipangia mshahara kulingana na watoto wake? Nikanyamaza. Kwa karatasi zilizopo biashara ni yangu peke yangu, ndugu zangu ni watu niliowapa hela. Faida yote 36 ni yangu.

Akaniandikia pale kwenye karatasi ya kalenda, ninayo mpaka leo. Mtu binafsi milioni 3.24 za kwanza kwa mwaka hazina kodi. Kutoka hapo mpaka 6.24 ni asilimia 8. Mpaka 9.12 ni asilimia 20. Mpaka 12 ni asilimia 25. Mpaka hapo umeshafikisha kodi ya 1,536,000, na kila shilingi juu ya milioni 12 ni asilimia 30. Mimi nina 24 juu ya hiyo 12, asilimia 30 yake ni 7,200,000. Jumla 8,736,000. Toa 2.4 niliyolipa, nadaiwa 6,336,000, na juu yake riba kwa sababu makadirio yangu yalikuwa chini mno.

Yaani mimi niliyechukua kidogo kuliko wote nimepigwa kodi ya mwaka kubwa kuliko hata hela niliyochukua.

Nikampigia kaka. Mtandao wa Ukara mnaujua, unaongea neno moja unasubiri. Nikamweleza, akanyamaza, nikadhani imekata. Halafu akasema, "Mdogo wangu, TIN si ya kwako?" Nikakata simu mimi. Mdogo wetu naye akasema yeye hela yake ameshaezeka bati, hawezi kuezua. Wiki mbili hatuongei, mzigo unakuja kimya kimya na boti, napokea napanga stoo, natuma ujumbe "umefika" basi.

Nililipaje? Niliuza magunia 40 yaliyokuwepo stoo kwa 120,000, kipindi bei iko chini na kila mtu anaona nina haraka. Milioni 4.8. Hasara ya milioni 1.2 hapo hapo. Iliyobaki nilikopa kikundi chetu cha vikoba.

Kikao cha mama kilifanyika nyumbani Igoma, Jumapili. Mama alisema maneno machache sana, kwamba yeye alitoa hela moja akawapa watoto watatu, sasa mbona deni lina mtoto mmoja. Kaka akakubali kubeba milioni 2 za lile deni, kidogo kidogo. Halafu nikampeleka kila mtu kwa mhasibu, sikutaka kuwa mimi ndiye ninayeeleza maana wangeona natetea upande wangu.

Mhasibu akatupa njia mbili. Kampuni, au ubia. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida yake kuanzia shilingi ya kwanza, haina ile milioni 3.24 ya bure, na mkigawana gawio linakatwa asilimia 10 tena, ila faida yake ni kwamba madeni ya kampuni hayaingii nyumbani kwako. Ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Una TIN yake na unapeleka ritani yake, lakini faida inagawiwa kwa wabia kwenye karatasi na kila mbia analipa kodi yake kwa ngazi zile za mtu binafsi. Kwa ukubwa wetu akasema ubia, tukikua tutaongea tena. Na akaonya kabisa, kwenye ubia kaka akikopa mafuta kwa jina la biashara huko kisiwani ninyi wote mnadaiwa, mpaka viti vyenu vya sebuleni. Akasema pia tungekuwa wadogo, chini ya ile milioni 100, asingetushauri ubia, maana ile kodi rahisi ya mauzo ni ya mtu mmoja mmoja, ubia hauingii humo.

Hapo mdogo wangu, ana akili sana huyu, akaona mwanya. Kama kila mtu ana milioni zake 3.24 za bure, si tumuweke na mama, na mtoto wa kaka anayesoma chuo kule Nyegezi, tuwe watano? Faida itagawanyika zaidi kodi ishuke. Mimi nilikuwa nishaanza kutabasamu. Mhasibu akakataa palepale. Sheria ya kodi ya mapato inawaruhusu TRA, wakiona umemgawia ndugu yako mapato ili tu kodi ipungue, kuyarudisha mapato hayo kwako na kukutoza upya. Wanaangalia huyo mtu ametoa nini, kazi au mtaji, na kile anachopewa kinalingana nacho? Mtoto wa chuo hajawahi kuanika hata ndoo moja, na hela "yake" ingerudi kwa baba yake wiki hiyo hiyo. Huo ni ugawaji wa kuandika tu.

Mama alikuwa hoja tofauti, yeye mtaji wake ni wa kweli. Angeweza kuwa mbia halali. Lakini mbia anabeba madeni, na kumbebesha mama wa miaka 68 madeni ya mafuta ya Ukara hatukutaka. Tukaandika milioni 6 zake kama mkopo, riba hataki, tunamrudishia laki moja na nusu kila mwezi. Kwa hesabu hiyo ni miezi 40. Anaidai tarehe moja asubuhi kuliko hata benki.

Kazi ngumu ilikuwa kugawana. Mhasibu alituambia msipoandika kitu, sheria ya mikataba inachukulia kwamba mnagawana faida sawa kwa sawa, na hasara sawa kwa sawa, na hakuna mbia anayelipwa kwa kufanya kazi. Kaka akasema haiwezekani, yeye analala kisiwani na mbu. Mimi nikasema nani anaamka saa tisa usiku kupokea boti? Tulibishana kama masaa matatu na soda zikaisha. Mwisho tukatenganisha vitu viwili ambavyo siku zote tulikuwa tunavichanganya, jasho na mtaji. Jasho lina posho ya kila mwezi, kaka 400,000, mimi 400,000, mdogo wetu 300,000 kwa sababu yeye ana mchana mzima wa kufanya mambo yake. Kinachobaki baada ya posho kinagawiwa kwa mtaji kila mtu alioacha ndani, mimi 40, kaka 40, yeye 20. Huo ndio ukawa mkataba, ukaenda kwa wakili, tukasaini.

Makaratasi yenyewe, kwa ufupi, jina la biashara tulisajili BRELA kwa mtandao, namba za NIDA za wote watatu zinatakiwa, halafu TIN ya ubia, leseni mpya ya manispaa ya Ilemela, akaunti ya benki ya saini mbili, mashine ya risiti mpya. Kosa tulilofanya ni kwenye mashine. Ubia ulianza tarehe 1 Januari 2024 lakini mashine mpya ilichelewa, mimi nikaendelea kutoa risiti na ile ya zamani Januari na Februari yote. Mauzo ya miezi miwili yakasomeka kwenye TIN yangu kana kwamba nina biashara nyingine pembeni. Ilibidi mhasibu aandike barua na kuambatanisha kila risiti, na alitutoza kwa kila ukurasa. Ukihama, hama na mashine siku hiyo hiyo, kama haijafika ahirisha kuanza.

Kingine ni lipa namba. Wateja wengi walishazoea kumtumia kaka kwenye simu yake. Tukahamisha zote zikaja za biashara, na yeye akanuna mwezi mzima, maana hela ikikaa kwenye simu yako unajisikia mtu.

Basi mwaka 2024 ukaisha, hesabu zikapigwa. Faida kabla ya posho milioni 33.2. Na hapa kuna jambo lilitushtua. Sisi tulidhani posho zetu, milioni 13.2 kwa mwaka, zitatolewa kama gharama kisha kodi ipigwe kwenye 20 inayobaki. Hapana. Malipo ya mbia kwa kazi yake ndani ya ubia hayahesabiwi kama mshahara, yanahesabiwa ni sehemu ya mgao wake wa faida. Tungeajiri mtu baki mshahara wake ungetoka, wetu hautoki. Kwa hiyo mimi mgao wangu ni posho 4.8 na 8 ya mtaji, jumla 12.8. Kaka vilevile 12.8. Mdogo wetu 3.6 na 4, jumla 7.6.

Kodi yangu 1,776,000, ya kaka 1,776,000, ya mdogo wetu 512,000. Jumla 4,064,000. Faida hiyo hiyo ingekuwa yote kwenye TIN yangu ingekuwa 7,896,000. Kwa hiyo ni karibu milioni 3.8 zimebaki kwenye familia, bila kudanganya mtu, kwa kuandika tu ukweli kwamba biashara ni ya watu watatu.

Ila mdogo wangu aliponiona na ile karatasi alikuja juu. "Dada, mimi nimepokea posho tu, hiyo milioni nne sijaiona kwa macho, naitoleaje kodi?" Nilimuelewa kabisa, ni maneno yangu ya mwaka ule. Mbia anatozwa kwenye mgao wake hata kama hajauchukua, hata kama hela imekaa kwenye magunia. Kilichotuokoa ni kwamba mhasibu alitufungulia kila mtu ukurasa wake. Wa mdogo wangu unasomeka hivi, alianza mwaka na mtaji milioni 4, akaongezewa mgao 7.6, ikapungua posho 3.6, ikapungua kodi 512,000 iliyolipwa na biashara kwa niaba yake, ikapungua milioni 1.5 aliyochukua ya sherehe ya kipaimara. Imebaki 5,988,000. Nikamwambia hiyo ndio milioni nne yako unayosema hujaiona, imekuwa dagaa, ipo stoo, twende nikuonyeshe. Akaenda kweli. Akahesabu magunia.

Na hela ya kodi siku hizi hatuisubiri Juni. Kila giza likiisha, kabla ya mtu yeyote kusema shida yake, tunapeleka asilimia 15 ya tulichopata kwenye akaunti ya pembeni ambayo kadi yake anatunza mama. Awamu ikifika inatoka humo, na inaandikwa kwenye ukurasa wa mwenye nayo, ya kaka kwa kaka, yangu kwangu. Kwetu 15 inatosha na inabaki kidogo. Wewe piga yako, maana mwenye mgao mkubwa unaoingia kwenye ile asilimia 30 haitamtosha.

Kitu ambacho bado kinatusumbua ni ritani. Za kwetu ni nne, ya ubia na za watu watatu, mwisho tarehe 30 Juni, na ukichelewa faini inahesabika kila mwezi hata kama kodi yenyewe ulishailipa. Mwaka jana kaka alidhani ya ubia ikienda basi na yake imeenda. Tarehe 27 Juni ananipigia, upepo unavuma nyuma nasikia mabati ya chanja yanagonga, anaulizia kama kuna kitu anatakiwa kusaini. Nikamwambia panda boti uje. Akafika na mfuko wa sato kwa ajili ya mama, tukaenda Makoroboi, akasaini. Tunatoka nje akaniuliza ile milioni mbili ya mwaka ule imebaki shilingi ngapi. Nikafungua daftari. Laki saba na ishirini.

"Andika laki sita," akasema, akanihesabia palepale kwenye ngazi 120,000 za noti zenye harufu ya dagaa.